Sala Inapokauka

Ukavu wa sala humpata mtu aliyezoea kusali, akawa anaendelea kutamka maneno yaleyale bila kuguswa nayo. Baba Yetu inafika kwenye amina kabla hajatambua kuwa ameianza. Rakaa nne za adhuhuri zinakwisha mawazo yakiwa bado dukani, na akitoa salamu hana hakika kama amesali nne au tatu. Kwa wengi hali hii hupita baada ya siku chache. Kwa wengine hukaa miezi, na wako waliokaa nayo miaka, huku ikiandamana na shaka iliyo nzito zaidi, kwamba pengine hakuna anayesikiliza.

Dini zenye sala za kila siku zinaifahamu hali hii tangu zamani, na walimu wake wameiandikia mengi. Hawakubaliani kuhusu sababu zake wala kuhusu maana yake. Lakini ukiwauliza afanye nini mtu aliyekauka kesho asubuhi saa ya sala ikifika, majibu yao yanakaribiana kwa namna ya kushangaza. Asingoje hisia zirudi ndipo asali. Ashike maneno machache yaliyokwisha kupangwa, ayapunguze ikibidi, wala asiyapime kwa ladha yake.

Kabla ya kufika hapo, walimu hao hutaka kwanza kujua ukavu umetoka wapi, kwa maana si kila ukavu ni wa aina moja. Evagrius wa Ponto, mmonaki aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, alieleza uchovu wa roho uliowavamia wamonaki kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. (Saa zake zilihesabiwa tangu macheo kama za Waswahili, kwa hiyo msomaji wa huku hana haja ya kuzigeuza.) Mmonaki aliyeshikwa na uchovu huo, anasema, huona jua limesimama. Huchungulia dirishani mara kwa mara, hutoka kutazama kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia, kisha huangaza macho huku na huku kuona kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Baadaye huanza kuwaza kwamba mahali pale hapamfai, na kwamba Mungu anaweza kuabudiwa popote. Huyu hajapoteza imani. Amechoka na kazi yake, na anatafuta sababu nzuri ya kuiacha. Evagrius alimwagiza abaki chumbani mwake na kumjibu kila wazo linalomvuta nje kwa kifungu kifupi cha Maandiko.

Aina nyingine ilielezwa na Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania, aliyefungwa na watawa wenzake mjini Toledo kuanzia Desemba 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578. Katika maandishi yake juu ya usiku wa roho alitoa alama tatu za kupambanua ukavu unaomkomaza mtu na ule wa uzembe. Ya kwanza ni kwamba mtu haonji ladha katika mambo ya Mungu, wala haipati katika kitu kingine. Mzembe akichoshwa na sala huburudika kwenye starehe nyingine, lakini huyu hana pa kukimbilia. Ya pili ni kwamba Mungu hamtoki akilini, na anaumia kwa kudhani kuwa anarudi nyuma. Ya tatu ni kwamba hawezi tena kutafakari kwa picha na mawazo kama alivyozoea, hata akijilazimisha.

Yohane alitaka alama zote tatu zionekane pamoja, naye alikuwa na sababu. Alama ya kwanza peke yake inaweza kuwa ugonjwa tu. Watu wa zama zake waliuita ugonjwa huo majonzi ya mwilini, na leo daktari angeuita sonona. Yohane alikiri kwamba majonzi hayo yanaweza kuchanganyika na usiku wa roho ndani ya mtu mmoja. Kwake alama ya pili ndiyo iliyobeba uzito: mtu asiyejali hasumbuliwi na kutojali kwake.

Uislamu una kisa kinachofanana sana na alama hiyo. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume Muhammad (S.A.W.), alikutana na Abubakar akamwambia kwamba yeye Hanzala amekuwa mnafiki. Alieleza kuwa wanapokuwa mbele ya Mtume wakikumbushwa pepo na moto huwa kana kwamba wanaviona kwa macho, lakini wakirudi kwa wake, watoto na mashamba yao husahau mengi. Abubakar alimjibu kuwa naye yanampata hayohayo. Wakaenda pamoja kwa Mtume, naye akawaambia kwamba kama wangedumu katika ile hali wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani. Kisha akasema kuwa mambo huenda saa kwa saa, akalirudia hilo mara tatu. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Inafaa kuangaliwa kwamba Hanzala hakukemewa kwa ubaridi wake wala hakuongezewa ibada. Aliondolewa ile hukumu ya unafiki aliyojitwika mwenyewe.

Kitabu hichohicho kinaeleza pia juu ya shaka. Baadhi ya masahaba walikuja kusema kwamba wanakuta ndani ya nafsi zao mawazo ambayo kila mmoja anaona ni makubwa mno kuyatamka. Mtume aliwauliza kama kweli wameyakuta hayo, na walipokiri akawaambia kuwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Wanazuoni walifafanua kuwa imani inayotajwa hapo ni ule woga wa kuyatamka, wala si mawazo yenyewe. Hivyo mtu anayeogopa kwamba wasiwasi wake umemtoa katika dini hupewa jibu tofauti na yule anayetafuta hoja. Wa kwanza huambiwa asijibizane na wasiwasi, aendelee na ibada. Wa pili huelekezwa kwa mwenye elimu, maana swali la kweli halifutwi kwa kuongeza nyiradi.

Baada ya chanzo linakuja suala la maneno. Je, sala iliyosaliwa bila moyo ni sala? Dini zimelijibu kwa tahadhari. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema swala iliyotimiza nguzo na masharti yake imesihi, hata kama khushui ilikuwa pungufu, ila malipo yake yanafuata kiasi ambacho moyo ulikuwapo. Ipo hadithi inayosema mtu humaliza swala akaandikiwa sehemu ya kumi yake tu, mwingine ya tisa, mpaka kufikia nusu. Kwa aliyekauka hadithi hiyo ina makali, lakini pia inamwachia kitu: sehemu ya kumi bado inaandikwa.

Wayahudi walifika mahali karibu na hapo kwa njia ya sheria. Musa bin Maimuni, mwanachuoni aliyefariki Misri mwaka 1204, alifundisha kwamba sala isiyo na nia ya moyo si sala, na aliyeisali hivyo airudie. Sheria ya baadaye ililegeza. Katika sala yao kuu, Amida, mtu alitakiwa walau auhudhurishe moyo katika baraka ya kwanza, inayomtaja Mungu wa mababu. Karne ya 16, Rabi Musa Isserles wa Krakowi aliandika kwamba siku hizi mtu harudii sala kwa kukosa nia, kwa kuwa hata akirudia huenda moyo usihudhurie vilevile. Uamuzi huo unamjua binadamu vizuri. Unamkinga msali asinaswe katika kurudia bila mwisho, jambo ambalo huwapata hasa wale wenye dhamiri nyepesi, anayeanza upya kila akishtuka, mpaka ibada ya dakika 10 ikala saa nzima na kumwacha amechoka na kuichukia.

Fundisho lililo wazi kuliko yote juu ya maneno matupu pengine ni la Ibn Ataillah wa Iskandaria, sheikh wa tarika ya Shadhiliya aliyefariki Kairo mwaka 1309. Katika Hikam, kitabu chake cha semi fupi za hekima, anamkataza mtu kuacha dhikri kwa sababu moyo wake haumo. Hoja yake ni kwamba kughafilika na dhikri kabisa ni kubaya kuliko kughafilika ndani ya dhikri. Anayetaja huku ameghafilika anaweza kunyanyuliwa hadi kutaja akiwa macho, kisha kutaja moyo ukiwa umehudhuria, na hatimaye kufika mahali ambapo kila kitu kinatoweka ila Anayetajwa. Ngazi hiyo haina mlango mwingine chini yake zaidi ya ulimi. Shadhiliya ilienea Komoro na mwambao wa Afrika Mashariki katika karne ya 19, hasa kwa juhudi za Sheikh Muhammad Maarufu wa Komoro, aliyefariki mwaka 1905.

Ulimi ukiachwa uende peke yake, hata hivyo, huzoea. Hapo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasaidia kwa mambo ya vitendo. Katika sehemu ya Ihyaa inayohusu siri za swala anagawa vivutavyo moyo kuwa vya nje na vya ndani. Dawa ya vya nje ni rahisi: mtu asali karibu na ukuta ili macho yasiende mbali, au katika chumba kidogo chenye giza, na asiache mbele yake kitu cha kumshughulisha. Kwa mtu wa leo, simu ndiyo ya kwanza kuondolewa. Vya ndani ni vigumu zaidi. Ghazali anashauri mtu amalize shughuli inayomsumbua kabla ya takbira, kisha aushughulishe moyo kwa maana ya anachokisoma. Ikishindikana, tatizo ni lile jambo lenyewe lililomshika. Anamfananisha anayepambana na mawazo huku akilihifadhi pendo lililoyazaa na mtu anayefukuza ndege mtini kwa fimbo. Ndege watarudi kila mara mpaka mti ukatwe. Anataja habari za Abu Talha, sahaba aliyekuwa akisali shambani kwake, ndege akamvuta macho kati ya miti asijue tena amesali rakaa ngapi, kisha akalitoa shamba lote sadaka. Wachache wanaweza kufanya hivyo. Lakini kisa hicho kinaonyesha mahali pa kutazama, maana mara nyingine ukavu ni deni lisilolipwa, au ugomvi na ndugu, unaojitokeza kila mtu anaponyamaza.

Walimu wengine wanashughulika na wingi wa maneno na sauti yake. Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa wa Lisieux nchini Ufaransa, aliishi katika giza la imani kuanzia Pasaka ya 1896 mpaka alipofariki kwa kifua kikuu Septemba 1897. Aliandika kwamba akili yake ilipokuwa kavu kiasi cha kutoweza kutoa wazo hata moja, alikuwa akisali Baba Yetu polepole sana, kisha Salamu Maria. Alipozisali hivyo zilimlisha kuliko kama angezikimbiza mara mia. Katika kipindi hichohicho aliiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake akatembea nayo. Teresa wa Avila, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 300, alikiri kwamba kwa takriban miaka 18 hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya kukomunika, na kwamba kuna nyakati alisikilizia zaidi saa igonge kuliko alivyosali. Na Swami Sivananda wa Rishikesh nchini India (1887–1963), akiwafundisha Wahindu kulitaja jina la Mungu kwa tasbihi ya shanga 108, alisema akili ikizurura katika kutaja kwa kimya, mtu arudi kwenye kunong'ona, na ikibidi kwenye sauti.

Zote hizi ni njia za kushuka ngazi kwa makusudi. Aliyezoea tafakari anarudi kwenye kitabu, aliyezoea sala ndefu anarudi kwenye fupi, aliyezoea kimya anarudi kwenye sauti. Wengi hufanya kinyume: wakikauka huongeza. Hujiwekea mkesha, novena tatu au juzuu kwa siku, kisha wakishindwa wiki ya pili huhesabu kushindwa huko kuwa ushahidi kwamba wamekataliwa.

Kuna nyakati ambapo hata maneno machache yaliyopangwa yanakwama kooni. Rabi Nahman wa Breslov (1772–1810), aliyeishi Ukraine, aliwaagiza wafuasi wake watenge saa moja kila siku ya kuzungumza na Mungu kwa lugha yao ya nyumbani. Kwa asiyeweza kuzungumza alisema kwamba kule kushindwa ndiko kuwe mazungumzo yake: amweleze Mungu kuwa hana la kusema. Akishindwa hata hilo, ashike neno moja tu alirudie, na ikiwa atabaki na neno hilo kwa siku nyingi, si hasara.

Zaburi ya 88 imefanya hivyo kwa muda mrefu zaidi. Zaburi nyingi za kilio huanza kwa malalamiko na kugeuka kuwa shukrani kabla ya kwisha. Hii haigeuki. Mwombaji anasema amelia mchana na usiku, kisha kwamba amemwita Mungu kila siku, kisha kwamba asubuhi pia maombi yake yanafika, na mara zote tatu hajibiwi. Mstari wa mwisho unaishia gizani. Waliokusanya zaburi hawakuiongezea mwisho mzuri, na Kanisa Katoliki limeiweka katika sala ya usiku ya kila Ijumaa, ambapo husaliwa na wenye furaha na wasio nayo. Anayehisi kwamba maneno ya sifa yanamfanya mnafiki anaweza kuanzia hapo, kwa sababu zaburi hiyo haimdai ahisi lolote zaidi ya alichonacho.

Kuhusu maamuzi, mwongozo unaotumika sana ni wa Inyasi wa Loyola (1491–1556). Wakati wa ukiwa wa roho, anasema, mtu asibadilishe maazimio aliyoyaweka kabla ya ukiwa huo. Asiache utawa, asivunje uchumba, asihame dhehebu kwa sababu tu sala imekauka. Na kama alipanga kusali saa moja akaona hawezi kuvumilia, azidishe kidogo juu ya saa hiyo badala ya kuikata. Nyongeza hiyo ni ndogo sana, kiasi cha mtu kujithibitishia kwamba hakukimbia. Kanuni hiyo ina mipaka yake. Ghazali mwenyewe, akiwa mwalimu mkuu wa Nidhamia ya Baghdad mwaka 1095, alikauka mpaka ulimi ukagoma kufundisha, na dawa yake ikawa kuacha kazi na kuondoka mjini. Lakini kabla ya hapo alisitasita karibu miezi sita, na alichokiacha ni cheo alichokwisha kukishuku, hakuacha ibada.

Kisa cha karibuni kilichoandikwa kwa undani kuliko vyote ni cha Mama Teresa wa Kalkuta. Septemba 10, 1946, akiwa kwenye treni kwenda Darjeeling, alisadiki kwamba ameitwa kuwatumikia maskini kabisa, na miezi iliyofuata sala zake zilikuwa tamu. Alianza kazi mwaka 1948, na shirika lake la Wamisionari wa Upendo likakubaliwa mwaka 1950. Karibu na wakati huohuo utamu ulikatika. Mwaka 1953 alimwandikia Askofu Mkuu Périer kumwomba sala kwa sababu ya giza la kutisha lililokuwa ndani yake tangu aanze kazi. Oktoba 1958, katika ibada ya kumwombea marehemu Papa Pius wa 12, giza liliondoka. Baada ya takriban wiki tano likarudi.

Barua zake zinaonyesha alivyosali. Alishika ratiba ya jumuiya, na alieleza kwamba alitamka maneno ya sala za pamoja akijitahidi kupata kutoka kila neno utamu wowote lililokuwa nao, ingawa ule muungano aliouzoea haukuwapo. Kwa miaka kadhaa alijitafuta kosa. Mwaka 1961 alimweleza hali yake padri Mjesuiti Joseph Neuner, naye akamjibu mambo matatu. Kwanza, ukavu huo hauna dawa ya kibinadamu, hivyo asijilaumu. Pili, kumhisi Yesu siyo ithibati pekee ya kuwapo kwake, na ile kiu kali ya kumtaka Mungu ni alama kwamba Mungu yumo katika kiu hiyo. Tatu, alipokee giza kama sehemu ya kazi yake. Giza halikuondoka baada ya ushauri huo, lakini aliacha kupigana nalo, akaandika kuwa ameanza kulipenda. Aliendelea kufungua nyumba mpya, ikiwemo ya Tabora, Tanzania, mwaka 1968, na hakuna barua inayoonyesha kwamba utamu ulirudi kabla ya kifo chake mwaka 1997.

Barua hizo zilipochapishwa mwaka 2007, baadhi ya wasomaji walisema zinathibitisha kwamba hakuamini. Ukizipima kwa alama za Yohane wa Msalaba, picha ni nyingine. Asiyeamini hana sababu ya kulia kwa kutomwona Mungu kwa miaka karibu 50. Lakini kuna kipimo kingine ambacho waliomwongoza walikuwa nacho mbele ya macho yao. Alifanya kazi kutwa, alisimamia masista wake, na waliokaa naye hawakujua kwamba kuna giza. Kwa sababu hiyo kisa chake hakifai kutumiwa kumshauri mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi halali usingizi, chakula hakimpiti, kazi zimemshinda, ameacha kuzungumza na watu wa nyumbani, au anawaza kujiua. Huyo anahitaji daktari wiki hiyohiyo, na sheikh, padri au mchungaji anayemsikiliza vizuri ndiye anayepaswa kumpeleka.